Jamvi la mita za mraba 180: jinsi ya kusoma BOQ na spesifikesheni ya Kiingereza na kumweleza fomeni kwa Kiswahili

Kwenye saiti nyingi za Tanzania na Kenya, BOQ, yaani orodha ya kazi na vipimo vyake, pamoja na spesifikesheni huandikwa kwa Kiingereza, na kazi hufanywa kwa Kiswahili. Katikati yuko injinia wa saiti, fundi sanifu au mkadiriaji majengo ambaye kila asubuhi anatakiwa kuyafikisha maandishi hayo kwa fomeni. Wengi hufungua ukurasa na kutafsiri mstari mmoja baada ya mwingine. Fomeni anaitikia "sawa", halafu jamvi, yaani sakafu ya zege ya chini, linamwagwa wavu wa chuma ukiwa umelala chini kwenye nailoni.

Tatizo ni kwamba mstari wa BOQ haukuandikwa ili mtu afanye kazi. Uliandikwa ili kazi ipimwe na ilipwe. Namna ya kuifanya imeandikwa kwenye spesifikesheni, na mahali pake pamechorwa kwenye michoro. Fomeni anahitaji vyote vitatu vikiwa vimeunganishwa na kugeuzwa kuwa vipimo, hesabu na mahali pa kusimama. Mwongozo huu unafuata kazi moja tu, jamvi la nyumba lenye mita 12 kwa 15, tangu kwenye karatasi hadi kwenye mazungumzo na fomeni.

Soma kwenda juu kabla ya kwenda mbele

Hivi ndivyo jamvi letu linavyoonekana kwenye BOQ:

```
   Vibrated reinforced concrete class 25/20 in:
E  150mm thick ground floor bed            SM  180
F  Ditto in thickenings                    CM    4

   Mesh fabric reinforcement ref. A142 weighing
   2.22kg/m2 (measured net - no allowance made
   for laps), including supports, in:
G  Ground floor bed                        SM  180
```

Kipengele E chenyewe kina maneno machache sana. Hakisemi zege la daraja gani, wala hakisemi kama ni lazima litetemeshwe kwa vaibreta. Hayo yako kwenye kichwa kilichoandikwa juu yake, na kichwa hicho kinatawala kila kipengele kilicho chini yake mpaka kichwa kingine kitokee. Kwa hiyo weka kidole kwenye kipengele, kisha panda juu mpaka ukutane na kichwa chake. Mara nyingine kichwa kiko ukurasa uliotangulia, na hapo ndipo watu hukosea, kwa sababu wamempa fomeni nakala ya ukurasa mmoja.

Neno `Ditto` kwenye kipengele F maana yake ni "kama hicho cha juu". Linabeba maelezo yote ya kipengele kilichotangulia, isipokuwa yale yaliyobadilishwa. Ukiliona, usimsomee fomeni hivyo lilivyo. Rudi juu, lichukue fungu zima la maneno, uliandike upya likiwa kamili: "zege la kutetemeshwa, lenye nondo, daraja 25/20, kwenye sehemu zinazonenepa chini ya jamvi". BOQ inakupa ujazo wa sehemu hizo, mita 4 za ujazo, lakini haisemi ziko wapi. Mahali pake utapata kwenye mchoro wa msingi, na kwa kawaida ni chini ya kuta za ndani ambazo hazina msingi wake.

Vipimo navyo vina mtego wake. Katika BOQ za Afrika Mashariki, `SM` ni mita za mraba, `LM` ni mita za urefu, na `CM` ni mita za ujazo. Fundi aliyezoea futi kamba ataisoma `CM` kuwa sentimita, na hana kosa, kwa sababu kwenye futi yake ndivyo ilivyo. Tamka kipimo kizima kila mara: "mita nne za ujazo".

Jihadhari pia na tafsiri ya kamusi. `Bed` hapa ni jamvi, ingawa kamusi itakupa kitanda. `Blinding` ni zege jembamba la kusawazishia chini ya msingi, na halina uhusiano wowote na upofu. `Honeycomb` ni zege lenye matundu kwa kukosa kushindiliwa. `Making good` ni kuziba na kurudishia vizuri palipobomolewa au kutobolewa. Ukiwa huna neno la hakika, eleza kitu chenyewe kinavyoonekana au kinavyofanya kazi, na fomeni atakupa jina linalotumika saiti yake. Chukua jina hilo ulitumie, hata kama chuoni mlilijua kwa jina jingine.

Namba ya BOQ si namba ya kuagizia

Kipengele G ndicho kinachogharimu watu zaidi. Maneno yaliyo ndani ya mabano yanasema kwamba wavu umepimwa kama eneo la jamvi tu, bila kuhesabu sehemu ambazo nyavu zinapandana. Mkandarasi anatakiwa awe ameiweka gharama ya mapandano ndani ya bei yake. Malipo yatakuwa ya mita 180 za mraba, lakini wavu utakaohitajika saiti ni mwingi zaidi.

Tufanye hesabu. Tuseme duka linauza nyavu za mita 2.4 kwa 4.8, na mchoro unataka zipandane milimita 300 kila upande na zipite bila kukatwa kwenye maungio ya vipande ambavyo jamvi litamwagwa. Wavu mmoja una eneo la mita za mraba 11.52. Mtu akigawanya 180 kwa 11.52 anapata 15.6, anaagiza nyavu 16, na anaamini amemaliza.

Sasa zipange kwenye jamvi. Kwenye urefu wa mita 15, wavu wa kwanza unafika 4.8, wa pili unafika 9.3, wa tatu 13.8, kwa sababu kila unaofuata unapoteza sentimita 30 kwenye kupandana. Bado mita 1.2, na ukiongeza sentimita 30 za kupandana unahitaji kipande cha mita 1.5. Kwenye upana wa mita 12, safu zinafika 2.4, kisha 4.5, 6.6, 8.7, 10.8, na ya sita inamaliza. Safu sita zenye nyavu tatu nzima ni nyavu 18. Vipande sita vya mita 1.5 vinatoka kwenye nyavu mbili, maana kila wavu wa mita 4.8 unatoa vitatu. Jumla ni nyavu 20. Aliyeagiza 16 atapungukiwa na nne siku ya kumwaga, na hapo kishawishi cha kufinya mapandano kutoka sentimita 30 hadi 10 kinakuwa kikubwa.

Mchoro huu wa mpangilio ndio wa kumpa fomeni. Chora mstatili, weka safu sita, onyesha vipande vinakaa upande gani. Kwake una faida kuliko sentensi yoyote, kwa sababu anaweza kuhesabu nyavu zilizoshushwa na kujua kama zinatosha kabla hajaita vibarua.

Zege nalo lina hesabu yake. Mita 180 za mraba kwa unene wa 0.15 ni mita 27 za ujazo, na ukiongeza 4 za kipengele F unapata 31. Nazo ni kipimo cha zege likiwa limeshakaa mahali pake. Kinachomwagika njiani na kinachobaki kwenye mikokoteni na mashine havimo. Kifusi na mawe ya chini ya jamvi vina jambo hilohilo: BOQ hupima unene baada ya kushindiliwa, ilhali lori linaleta mawe yaliyolegea.

Bei iondoe. Fomeni hahitaji safu ya bei ili afanye kazi, na mikataba mingi inataka bei zibaki kuwa siri. Mwandikie karatasi yake.

Spesifikesheni: mahali ambapo Kiswahili kinaponyoka

Sasa fungua spesifikesheni kwenye sehemu ya zege. Vifungu ni vingi, lakini kwa jamvi letu hivi vitatu vinatosha kuonyesha njia:

```
The free water/cement ratio shall not exceed 0.50.

No concrete shall be placed until the reinforcement
has been inspected and approved by the Engineer.

Concrete shall be kept continuously wet for not
less than 7 days.
```

Anza na `shall`. Kwenye sarufi ya shuleni tulifundishwa kuwa ni wakati ujao, kwa hiyo mtu anatafsiri "zege litamwagiliwa maji". Fomeni anaisikia kama taarifa ya jambo litakalotokea, na huenda akadhani kuna mtu mwingine wa kulifanya. Kwenye mkataba neno hilo ni amri. Sema "lazima", kisha mtaje mtu: "Lazima umpange mtu wa kumwagilia." Kiingereza cha mikataba hupenda kuficha mtendaji, na sentensi za namna ya "ilikaguliwa" au "imeidhinishwa" zinampitia fomeni bila yeye kujua ni nani anayepaswa kuitwa. Kila ulipokuta sentensi isiyo na mtendaji, jiulize nani anafanya, na umtaje.

Kifungu cha pili kina `No ... until`. Ukikifuata kilivyo, katazo linatangulia na sharti linakuja mwishoni, wakati ambapo kelele ya mashine imeshameza nusu ya maneno. Geuza mpangilio ufuate kazi inavyokwenda: "Ukimaliza kufunga wavu, simama. Niite mimi, mimi nitamwita injinia mshauri. Akishakagua na kusaini ndipo tunawasha mashine." Hapa fomeni amepata hatua tatu na mahali pa kusimama. Ongeza muda: kama mkataba unataka injinia apewe taarifa saa 24 kabla, basi fomeni akuambie jana yake, sio asubuhi ile ambayo vibarua wameshafika.

Kifungu cha tatu kinasema `not less than 7 days`, yaani siku saba au zaidi. "Siku kama saba" si tafsiri yake. Na `continuously wet` ni kulowa muda wote, usiku na Jumapili vikiwemo. Kumwaga maji asubuhi na jioni kwenye jua la Dodoma hakutoshi, kwa sababu kufikia saa sita mchana jamvi limeshakuwa jeupe. Mwambie fomeni alama ya kuangalia: "Ukiona zege limepauka, tumeshachelewa." Kisha mkubaliane njia, kwa mfano magunia yaliyoloweshwa au nailoni ya kufunika, na jina la mtu wa kulisimamia hilo Jumapili.

Uwiano wa maji, ukigeuzwa kuwa ndoo

Kifungu cha kwanza ndicho kigumu, kwa sababu 0.50 haishikiki mkononi. Namba hiyo ni uzito wa maji ukigawanywa kwa uzito wa saruji. Mfuko wa kilo 50 ukizidishwa kwa 0.50 unatoa kilo 25 za maji, na kilo moja ya maji ni lita moja. Kwa hiyo mfuko mmoja usizidi lita 25: ndoo moja ya lita 20 na robo ya ndoo.

Lakini neno `free` limebeba nusu ya maana. Linajumuisha maji yanayoning'inia kwenye mchanga. Tuseme mchanganyo ulioidhinishwa unatumia mifuko 7 kwa kila mita ya ujazo, na mfuko mmoja unakwenda na mchanga kilo 100. Mvua ikinyesha, mchanga ukashika unyevu wa asilimia 5, umeshaingiza lita 5 za maji kwenye mashine kabla hujagusa ndoo. Siku hiyo maji ya kuongeza ni lita 20, ndoo moja kamili. Fundi akiendelea na ndoo na robo, jumla inakuwa lita 30, na 30 kwa 50 ni 0.60. Zege litakuwa laini, litamwagika kwa urahisi, kila mtu atafurahi, na vipande vya majaribio vitaanguka siku ya 28.

Kwa fomeni, maneno ni haya: "Mchanga mkavu, ndoo na robo. Mchanga wa mvua, ndoo moja. Zege likiwa gumu kumwagika, usiongeze maji, niite." Weka alama ya rangi ndani ya ndoo ya robo. Fundi wa mashine hatakumbuka asilimia, ataikumbuka alama.

Daraja 25/20 nalo huwa linachanganya. Ile 25 ni nguvu ya zege kwa nyutoni kwenye milimita ya mraba, ikipimwa kwa kuvunja vipande vya mchemraba baada ya siku 28. Ile 20 ni ukubwa wa juu kabisa wa kokoto kwa milimita, karibu na kokoto ambayo mafundi huiita ya robo tatu inchi. Namba hizo hazitoi idadi ya ndoo za mchanga na kokoto. Idadi hiyo inatoka kwenye mchanganyo ulioidhinishwa, na kama haujaidhinishwa, hilo ndilo swali la kuuliza kabla ya kumwita fomeni.

Wavu ukae wapi

Mchoro wa jamvi letu unasema wavu uwe milimita 50 chini ya uso wa juu. Zege hilo linalofunika wavu ndilo kava. Ukimwambia fomeni "kava ni 50", kuna uwezekano mkubwa atatengeneza biskuti za zege za milimita 50 na kuzipanga juu ya nailoni. Amekusikia vizuri, ila amepima kutoka chini, kama alivyozoea kwenye nguzo na misingi. Wavu utakuwa upande usiotakiwa, na nyufa za juu hazitakuwa na wa kuzizuia.

Fanya kutoa kwa niaba yake. Unene ni 150. Toa 50 za juu, zinabaki 100. Wavu wa A142 una nyaya za milimita 6 zilizopandana, kwa hiyo unene wake ni 12. Toa 12, zinabaki 88. Kiti cha kuubeba wavu kiwe na kimo cha milimita 88. Mpe namba hiyo moja, na umpe kiti kimoja kilichokwisha kutengenezwa akishike. Gharama ya viti imo tayari ndani ya kipengele G, kwenye maneno `including supports`, kwa hiyo mkandarasi hana sababu ya kusema hakulipwa.

Ile tabia ya kumwaga zege kwanza na kuuvuta wavu juu kwa kulabu haitoi matokeo. Wavu unapanda pale ulipovutwa, kisha fundi anaukanyaga na unashuka tena. Weka mbao za kupitia mikokoteni, zisilale juu ya wavu.

Kikao na fomeni

Chagua dakika ishirini jioni, siku moja kabla, mkiwa mmesimama pale pale kwenye jamvi. Ofisini anaweza kuitikia tu kwa heshima. Fomeni mara nyingi ni mtu mzima kuliko injinia, na kumwuliza "umeelewa?" mbele ya vibarua wake kunamlazimisha ajibu ndiyo. Muulize kwa namna inayomwacha aeleze mwenyewe:

"Mzee, kesho tunaanza kipande hiki cha mita 3 kwa 6. Hebu nipitishe utakavyokwenda, tangu wavu mpaka kumwagilia."

"Tunapandisha wavu kwenye viti, tunafunga waya, tunakuita. Mkishasaini, mashine inawaka. Mfuko mmoja, ndoo na robo."

"Na usiku huu ikinyesha?"

"Ndoo moja."

Akikosea, hapo umejua ni sentensi gani ya kwako haikufika, na unairudia kwa kuonyesha kitu, sio kwa kuongeza sauti.

Kisha mpe kipimo cha kujikagua mwenyewe. Kipande cha mita 3 kwa 6 chenye unene wa 0.15 ni mita za ujazo 2.7. Kwa mifuko 7 kila mita, kinakula mifuko 19. Jioni ahesabu mifuko mitupu. Ikiwa 22, zege lililoingia ni kama mita 3.1, ambayo ni unene wa karibu milimita 175: ama chini hapakusawazishwa, ama vipimo vya mchanga na kokoto vilipunguzwa. Ikiwa 16, jamvi lina kama milimita 127, au kuna mashine zilizopigwa saruji pungufu. Hesabu hii haihitaji Kiingereza wala injinia, na inaonyesha kosa zege likiwa bado la siku hiyo.

Karatasi zikipingana

Siku moja mchoro utasema milimita 150 na BOQ itasema 125. Usichague wewe, na usimwachie fomeni achague. Mkataba una mpangilio wa nyaraka ipi inatangulia. Kwenye mkataba wa kimataifa wa ujenzi wa FIDIC, kitabu chekundu cha 1999, kifungu 1.5, spesifikesheni iko juu ya michoro, na majedwali, ambamo BOQ imo, yako chini ya michoro. Mikataba mingine ina mpangilio wake, kwa hiyo fungua ule wa mradi wako. Hata ukijua ipi inatangulia, andika swali kwa injinia mshauri ukitaja ukurasa wa BOQ, herufi ya kipengele na namba ya mchoro, kwa sababu tofauti hiyo pia inagusa malipo.

Wakati unasubiri jibu, mwambie fomeni sehemu ipi isiguswe na ipi anaweza kuendelea nayo. Kushindilia mawe na kutandika nailoni havibadilishwi na unene, alimradi kimo cha juu cha sakafu hakijafungwa. Jibu likija, usisahihishe karatasi yake kwa kalamu juu ya namba ya zamani. Andika mpya yenye tarehe, ichukue ile ya kwanza mkononi mwake, na ukague kama hajabaki na picha yake kwenye simu.